Mwalimu kamnyang'anya mwanangu glukosi

*Dada Nesi, shikamoo.*

*Mwanangu wa darasa la tatu ana miaka 9 na kilo 27. Tangu mwaka juzi anachoma insulini ya mchanganyiko, asubuhi na jioni. Nilimwandikia mwalimu wake barua ya kurasa tatu, nikaeleza ugonjwa wote kuanzia kongosho mpaka macho. Akaikunja, akaiweka kwenye droo. Wiki iliyopita, wakiwa kwenye usafi wa mazingira, mtoto akaanza kutetemeka na kutoka jasho. Alipotoa glukosi kwenye begi mwalimu akamnyang'anya: "Wewe si una sukari? Unataka kujiua?" Akamwambia alaze kichwa kwenye dawati apumzike. Aliyemwokoa ni dada yake wa darasa la sita, alikimbia kununua soda kwenye genge nje ya geti.*

*Mwalimu si mtu mbaya, nasema kweli. Ana watoto 90 darasani, na damu anaiogopa. Stripu zenyewe za kupimia sukari nanunua kwa kujibana. Safari hii nimwandikie nini, ajue mtoto apimwe lini, na siku sukari ikishuka yeye afanye nini?*

*Mama Z., Korogwe*

Marahaba, Mama Z.

Neno lenyewe ndilo linalotuponza. Tunasema mtu "ana sukari", na karibu kila mwalimu ana mjomba au mama mkwe mwenye sukari, anayenyimwa chai tamu na kukodolewa macho kila akiusogelea mkebe. Mwalimu wako alitumia elimu hiyo hiyo ya nyumbani. Asichojua ni kwamba insulini ikishachomwa haina breki. Itaendelea kushusha sukari hata kama chakula hakijafika, na kwa saa kadhaa hatari ya mtoto inakuwa ni kupungukiwa sukari.

Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya barua yako isiwe historia ya ugonjwa. Iwe amri: akitetemeka au akitoka jasho, mpe sukari kwanza, maswali baadaye. Kisha mtoe mwalimu hofu kwa hesabu rahisi. Akimpa mtoto vijiko vitatu vya sukari kumbe haikuwa imeshuka, itapanda kwa muda, na siku moja ya namna hiyo haimdhuru. Akimnyima kumbe imeshuka, mtoto anaweza kuzimia au kupata degedege palepale dawatini. Mwalimu akiyapima makosa hayo mawili, ataona lipi la kuogopa.

Jambo la pili ni saa. Insulini ya mchanganyiko wanayotumia watoto wengi huku kwetu ni chupa moja yenye insulini mbili ndani: sehemu 30 kati ya 100 ni ya haraka, 70 ni ya polepole. Tuseme unamchoma saa 12 asubuhi kabla ya chai. Ile ya haraka inakuwa na nguvu zaidi kati ya saa 2 na saa 4. Ile ya polepole inaanza kushika kasi kwenye saa 4 na kuendelea mpaka mchana. Ona sasa zinapopokezana: saa 4, chai ya asubuhi imeshakwisha tumboni, na uji wa shule ndio kwanza unachemka. Siku kuni zikiwa mbichi uji unatoka saa 5. Watoto wengine 89 watanung'unika tu, wa kwako ndiye atakayeanza kuloa jasho. Ukiongeza kubeba ndoo za maji au kulima bustani ya shule asubuhi hiyo, misuli nayo inachota sukari kwenye damu, na unapata kilekile kilichotokea kwenye usafi. Ndiyo maana sentensi moja ya "uji ukichelewa, ale kitu chake saa 4 hata kama kengele haijagongwa" ina thamani kuliko ukurasa mzima wa kongosho.

Upimaji sasa. Usimwambie mwalimu "apimwe mara kwa mara", maana hayo ni maneno ya kwenye mabango. Kwa mtu anayehesabu stripu ningefanya hivi: wiki mbili za kwanza apimwe kila siku saa 4 kabla ya uji, uone mwenendo wake. Ukishaujua, punguza: apimwe siku za michezo kabla ya kukimbia, na wakati wowote akijisikia vibaya. Lakini kwenye kikopo cha shule zibaki stripu mbili zisizoguswa kwa kazi nyingine yoyote. Moja ni ya kuthibitisha kwamba imeshuka, ya pili ni ya kuangalia baada ya dakika 15 kama imepanda. Stripu zikiisha kabisa, dalili zenyewe zinatosha kumpa sukari.

Na damu isimtishe. Mtoto wa miaka 9 anajitoboa mwenyewe, ubavuni mwa ncha ya kidole ambako hakuumi sana, na tone linalohitajika ni dogo kama kichwa cha pini. Mwalimu anasoma namba na kuiandika, basi.

Kuna kitu kimoja kuhusu namba hiyo ambacho lazima kiwemo kwenye barua, nami nimejifunza kwa kuona. Kwenye kliniki yetu aliletwa binti wa darasa la nne na daftari lake la vipimo. Siku moja saa 4 na robo mwalimu alikuwa ameandika 15.2, na pembeni: "iko juu, asile". Dakika kumi baadaye binti alikuwa ameloa na haeleweki anachosema. Bahati nzuri mwalimu mwingine, ambaye mama yake ana kisukari, akamnawisha mikono, wakapima tena: 2.9. Binti alikuwa amemenya embe. Maji ya embe yaliyoganda kwenye kidole ndiyo mashine iliyoyasoma. Kupangusa kwa pamba ya spiriti hakuaminiki kuondoa utomvu wa tunda. Anawe kwa maji na sabuni, akauke, ndipo atoboe. Msimu wa embe na machungwa mimi siamini namba yoyote ya juu kwa mtoto anayetetemeka mpaka nimwone amenawa.

Sasa barua. Ukurasa mmoja, mwandiko mkubwa, na ubandikwe ndani ya mlango wa kabati, mahali ambapo hata mwalimu wa zamu asiyemjua mtoto atauona. Nimekuandikia ya kuanzia. Namba ndani yake zipitie na kliniki yako kwanza, kwa sababu wao ndio wanaojua dozi yake.

> Mwalimu, habari za kazi.
>
> Mwanangu anachoma insulini kila asubuhi. Akitetemeka, akitoka jasho bila sababu, akilia au kukasirika ghafla, akisinzia, au mwandiko wake ukianza kutoka nje ya mstari, sukari yake imeshuka. Mpe sukari hapo hapo. Ugonjwa unaitwa kisukari, lakini wakati huo sukari ndiyo dawa yake.
>
> Kwenye kopo jekundu kuna pakiti za sukari. Kila pakiti ina vijiko vitatu bapa vya chai. Koroga pakiti moja kwenye nusu kikombe cha maji, anywe yote. Kama kuna soda ya kawaida, nusu kikombe inatosha. Soda isiyo na sukari haifai. Maziwa, karanga, andazi au chokoleti pia havifai kwa wakati huo, vinachelewa.
>
> Kama mashine iko karibu, anawe mikono, ajipime mbele yako. Chini ya 4 ni imeshuka. Kama mashine haiko karibu usiitafute, mpe sukari. Mashine ikiandika `LO`, imeshuka mno hadi haiwezi kuihesabu, haijaharibika.
>
> Asiende popote peke yake: si ofisini, si chooni, si nyumbani. Akae pale alipo, sukari imfuate. Subiri dakika 15, apime tena. Ikiwa bado chini ya 4, au bado anatetemeka, mpe pakiti ya pili. Ikishapanda, na kama uji bado zaidi ya saa moja, ale ndizi au nusu andazi ili isishuke tena. Akishatulia ndipo unipigie simu.
>
> Akizimia, akipata degedege au akishindwa kumeza, usimnyweshe kitu na usimtie kijiko kati ya meno. Mlaze kwa ubavu. Tafuta usafiri wa hospitali wakati huo huo, kisha nipigie. Huku mkisubiri, chovya kidole kwenye sukari iliyoloweshwa kwa matone ya maji, umpake kidogo kidogo kwa ndani ya shavu la chini. Kama meno yameumana au mwili unaruka, acha kwanza, usije ukaumwa kidole. Hospitali waambie mlangoni: "Anachoma insulini, sukari imeshuka."
>
> Saa 4 lazima ale, uji uwepo usiwepo. Kabla ya michezo au kazi ya bustani ajipime. Chini ya 4 apewe pakiti ya sukari na asikimbie. Kati ya 4 na 7 ale ndizi kwanza. Akiomba kwenda kunywa maji au chooni mara nyingi, mruhusu, hiyo ni dalili ya sukari kupanda. Niandikie tu kwenye daftari lake.
>
> Sikuombi umchome insulini. Hiyo ni kazi yangu, wala asichomwe na mtu yeyote shuleni.
>
> Mama yake. Simu yangu na ya baba yake ziko nyuma ya karatasi hii.

Nikueleze kwa nini vijiko vitatu, usije ukaona nimebahatisha. Kipimo tunachotumia ni takriban gramu 0.3 za glukosi kwa kila kilo ya mtoto. Kilo 27 zinakupa gramu 8. Glukosi ya unga ya dukani, ile anayobeba kwenye begi, ingetosha vijiko viwili bapa vyenye uzito wa gramu 4 kila kimoja. Sukari ya mezani ni tofauti kidogo, kwa sababu nusu yake tu ndiyo glukosi na nusu nyingine ni sukari ya matunda, isiyopandisha haraka. Ndiyo maana naongeza cha tatu. Ukienda na glukosi kwenye kopo, andika viwili, lakini usichanganye pakiti za aina mbili kwenye kopo moja. Mwaka ujao akiwa na kilo 32 au 35, hesabu upya.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Mwalimu akishaogopa mara moja, safari ijayo atamimina chupa nzima. Soda ya nusu lita ina sukari ya zaidi ya vijiko kumi, na utamkuta jioni mashine inasoma 18, kisha wewe mwenyewe utashawishika kumwongezea insulini, na usiku atashuka tena. Zile dakika 15 ndizo ngumu kuliko zote, kwa sababu mtoto bado anatetemeka na mwili wake unalilia chakula chochote kilicho mbele. Mwambie mwalimu aangalie saa ya ukutani, asimwangalie mtoto usoni akaanza kumhurumia.

Kwenye ile orodha ya dalili nimekuwekea mwandiko kwa sababu watoto wengi huwa hivyo, lakini futa uandike za kwako. Wewe unamjua. Kuna anayenyamaza kabisa, kuna anayetukana, kuna anayecheka bila sababu, kuna anayeweka midomo myeupe. Fungua madaftari ya mwezi uliopita, tafuta ukurasa wa saa nne ambapo herufi zinaanza kulala na kupanda juu ya mstari. Ukiupata, mwonyeshe mwalimu ukurasa wenyewe. Mwalimu anaamini daftari kuliko maelezo, na pengine pale pale ukurasani aliweka alama ya kosa na kuandika "mvivu". Mwombe pia asimpe jaribio mara tu namba inaporudi juu ya 4, kwani kichwa huchelewa kufuata. Ampumzishe kipindi kimoja, kama dakika 40, ndipo aandike.

Degedege ndilo linalonitia wasiwasi zaidi mashuleni, na si kwa sababu ya sukari peke yake. Mtoto akianguka akirusha miguu, wengine watakimbilia kusema ana malaria, wengine watasema kapandisha mashetani, na nusu saa itaisha watu wanamsomea dua amefungwa vitenge. Dua isomwe njiani kuelekea hospitali. Wenzetu wa nchi nyingine wanaweka shuleni sindano ya glukagoni, dawa ya kupandisha sukari, kwa ajili ya saa hiyo, huku kwetu shule nyingi hazijawahi kuiona. Ile sukari ya shavuni ni ya kujaribu tu wakati gari linasubiriwa. Kinachomrudisha ni dripu ya glukosi. Kwa hiyo jua leo, kabla ya tatizo, ni bajaji ya nani iliyo karibu na shule na namba yake ni ipi. Bodaboda tutaipanda kama hakuna kingine, mtoto akiwa katikati, kashikwa na mtu mzima nyuma, lakini mtu aliyezimia hawezi kulazwa ubavu kwenye pikipiki.

Mawili matatu ya kopo. Liwe na mfuniko wa kubana, maana sisimizi hawachelewi na pakiti za sukari. Liwekwe darasani mahali pasipofungwa kwa kufuli. Ofisi ya mwalimu mkuu haifai, siku akienda mjini na ufunguo utajuta. Pakiti ziwe sita, nne kwenye kopo na mbili kwenye begi lake, na kila Ijumaa dada yake azihesabu. Stripu zikae kwenye kichupa chake kilichofungwa, mbali na dirisha la jua, kwa kuwa joto na unyevu vinaziharibu na hutajua mpaka zikupe namba ya ajabu. Sindano zilizotumika ziingie kwenye chupa ngumu ya plastiki na zirudi nyumbani. Wenzake watataka kujaribu, watoto ni watoto, na sindano moja haitoboi vidole viwili.

Kagua pia maandishi madogo kwenye kioo cha mashine. Hesabu zote nilizoandika ni za `mmol/L`. Ukiazima mashine ya mtu au ukitumiwa na ndugu wa nje, inaweza kuwa ya `mg/dL`, ambapo 4 yetu inasomeka 72. Mwalimu aliyeambiwa "chini ya 4" akiona 60 atadhani sukari imepasua dari, kumbe mtoto yuko 3.3. Mashine ikibadilika, barua inabadilika siku hiyo hiyo.

Barua usimtumie mtoto. Nenda nayo mwenyewe, ukiwa na mashine na kopo, mchana watoto wakishatoka. Nawa mikono, jitoboe wewe mwenyewe mbele yake, mwache yeye aingize stripu na kusoma namba. Kisha mpe pakiti moja aikoroge kwenye kikombe cha shule, aone maji yanafika wapi. Inachukua dakika kumi. Akikuomba apime na yeye, kama walivyoniomba wengi, mpe sindano mpya na usihesabu stripu hiyo.